Kuomba picha za zamani kwa ndugu: filamu ya miaka 50 ya ndoa

Ukiandika kwenye grupu la ukoo "mwenye picha za babu na bibi atume", utajibiwa kwa vidole gumba na picha za Krismasi iliyopita. Mimi huwashauri wenye shughuli wamwandikie kila ndugu peke yake, tena wataje kitu ambacho anacho. Kwa mfano:

"Shikamoo shangazi. Tunaandaa filamu ya miaka 50 ya ndoa ya babu na bibi. Naomba ile picha ya harusi ya watu wengi mbele ya kanisa, iliyo kwenye albamu yako ya kijani. Usiibandue. Weka albamu karibu na dirisha mchana, zima flashi, simu iwe juu yake sawasawa, kisha piga. Nitumie kama Document. Halafu nirekodie sauti, unitajie waliosimama kuanzia kushoto. Nitazipokea hadi tarehe 10."

Neno Document ndilo linalosahaulika sana, na ndilo linaloharibu kazi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikabaki na upana wa nukta 1600 hivi. Kwenye simu inapendeza. Lakini filamu ya kawaida ina upana wa nukta 1920, na kwenye picha ya harusi utataka kumsogelea bibi arusi. Akiwa amechukua robo ya upana, una nukta 400 za kujaza 1920: unazivuta karibu mara tano, na uso unakuwa ukungu. Kwa hiyo shangazi abonyeze alama ya kibanio cha karatasi (kwenye aifoni ni ya kujumlisha), achague Document, ndipo aitafute picha. Ikifika utaiona kama faili lenye jina na ukubwa wake, kwa kawaida MB kadhaa. Ikifika imejifungua yenyewe kwenye maongezi, mwombe tena, kwa upole.

Kubandua nakukataza kwa sababu kurasa za albamu zenye gundi hung'ang'ania karatasi, na picha huchanika kwa nyuma. Iliyo kwenye fremu itolewe kiooni ikiwa inatoka bila nguvu. Ikiwa imegandia, ipigwe hapohapo, simu ikiwa imesogezwa mpaka mng'ao utoke usoni mwa watu. Picha isiyobandikwa ipigwe na mgongo wake pia, maana tarehe na jina la studio huwa huko.

Kanda ya VHS usiombe irekodiwe kwa simu kutoka kwenye runinga: utapata mistari inayocheza na kelele za sebuleni. Omba kanda yenyewe. Ichungulie kwenye kidirisha chake kabla ya kuicheza. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu. Ukiicheza itachafua deki na kuhamia kanda inayofuata. Mpelekee fundi wa kuhamisha kanda ikiwa hivyohivyo, na umwambie mapema kwamba ina kuvu.