Msimbo wa bando ndani ya sekunde kumi na tano: namna ya kuutunga ukaimbika

Mwanafunzi akisikia wimbo wa tangazo la bando, kitu kimoja tu kinapaswa kubaki kichwani mwake wimbo ukiisha, nacho ni tarakimu za kupiga. Jina la bando atalikuta kwenye menyu, na ukubwa wake atausoma hapohapo. Msimbo asipoukumbuka, menyu yenyewe hataifikia. Kwa hiyo katika taasisi yetu tunapofundisha utunzi wa nyimbo hizi hatuanzi na maneno matamu. Tunaanza na msimbo, kisha mashairi mengine tunayajenga kuuzunguka.

Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Hesabu kuanzia moja hadi tisa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila neno lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Alama mbili za kwenye kibodi, nyota na reli, nazo ziko vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kila tarakimu inakaa juu ya pigo moja la ngoma bila kusukumwa: silabi ya kwanza inaangukia pigo, ya pili inafuata nyuma yake. Si lugha nyingi zinazomrahisishia mtunzi kazi namna hii.

Tuchukue msimbo wa mfano, ambao nimeubuni kwa ajili ya makala haya tu, usiupige: `*157*8#`. Usomwe kwa sauti huku ukigonga meza. Nyota, moja, tano, saba, nyota, nane, reli. Hayo ni mapigo saba. Muziki wa kucheza huenda kwa mafungu ya mapigo manne, kwa hiyo mafungu mawili yana mapigo manane, na pigo la nane linabaki tupu. Liache hivyo hivyo. Kimya hicho ndicho kinachompa msikilizaji nafasi ya kuurudia msimbo moyoni, na watoto hupenda kukijaza kwa kofi.

Sasa mwendo. Ngoma ikienda mapigo 128 kwa dakika, sekunde 15 zinabeba mapigo 32 kamili, yaani mistari minne ya mapigo manane. Ndiyo nafasi yote uliyonayo. Msimbo unastahili mistari miwili, kwa sababu kuusikia mara moja hakutoshi. Mistari miwili iliyobaki ibebe kila kitu kingine.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii:

Soma, cheka, tuma swali, bando lipo kweli,
Jibi moja, siku moja, bando halilali,
Nyota, moja, tano, saba, nyota, nane, reli,
Nyota, moja, tano, saba, nyota, nane, reli.

Kila mstari una mizani kumi na nne, nane kisha sita, na kina cha mwisho ni "li" kote. Niliipenda. Kuna nyimbo unazoziandika ukajua kabla ya kuziimba kwamba zitashika, na hii ilikuwa mojawapo. Nilipoiimba darasani, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kama kweli bando hilo linafanya kazi usiku kucha. Mimi nilikuwa nimekusudia kinyume chake: halilali, yaani halivuki usiku, likibaki halifiki kesho. Yeye alisikia halilali, yaani liko macho saa zote. Maana zote mbili ni sahihi kwa Kiswahili, na ile isiyo ya kweli ndiyo inayovutia zaidi. Mwanafunzi angenunua jioni akitegemea kusoma hadi alfajiri, akakatikiwa katikati ya kazi.

"Siku moja" nayo ina tatizo lake. Kuna bando linalodumu saa 24 tangu liliponunuliwa, na kuna linalokufa saa sita usiku hata kama limenunuliwa saa nne usiku. Wimbo usiposema ni lipi, msikilizaji atachagua lile linalomfaa. Bando la mfano wetu tuseme linakwisha saa sita usiku. Mstari wa pili ukawa:

Jibi moja, mwisho ni usiku saa sita.

Uimbe polepole uone unavyokaa. Ji-bi, mo-ja, mwi-sho, kisha "ni" peke yake juu ya pigo la nne. Neno "usiku" mkazo wake uko kwenye "si", kwa hiyo "u" haiwezi kukaa juu ya pigo. Inaingia kwenye nusu ya pili ya pigo la nne, mara tu baada ya "ni", na "si" inaangukia pigo linalofuata. Mizani bado ni kumi na nne. Kina kimevunjika, maana "ta" haifanani na "li", na nimekiacha kivunjike kwa makusudi. Sikio likizoea "li" halafu likakosa, linashtuka kidogo, na mahali pa kushtuka ndipo ninapotaka saa ya mwisho isikike.

Mkazo ndio unaoharibu nyimbo nyingi za aina hii. Mtunzi anapata sauti nzuri ya kinanda kwanza, kisha anayalazimisha maneno yaifuate. Nunua ikiimbwa kwa kukaza "nu" ya mwanzo inasikika kama neno la mgeni. Kwetu mkazo unaweza hata kugeuza maana: barabara ya magari mkazo uko kwenye "ba" ya pili, na barabara yenye maana ya sawasawa mkazo uko kwenye "ra" ya kwanza. Soma mistari yako kwa sauti bila muziki, ugonge meza, na kila silabi yenye mkazo isiyoangukia pigo uiwekee alama.

Si kila msimbo utakuwa mwepesi kama wa mfano wetu. Sifuri ina silabi tatu na mkazo uko kwenye "fu", kwa hiyo "si" iangukie kabla ya pigo, kama tulivyofanya na "u" ya usiku. Nne inasumbua kwa namna nyingine: pigo linaangukia "n", sauti inayotoka puani mdomo ukiwa haujafunguka, na kwenye noti ya juu inapotea kabisa. Ipewe noti ya chini na muda mrefu kidogo.

Ila jozi ninayoiogopa kuliko zote ni sita na tisa. Irabu ni zilezile, konsonanti ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Kwenye spika ndogo ya simu, katika bweni lenye kelele, moja husikika kama nyingine. Msimbo ukiwa na mojawapo, iweke karibu na kimya, isifunikwe na ngoma wala na neno linalofuata. Ndiyo maana "saa sita" nimeiacha mwishoni mwa mstari, maana saa tisa usiku ni saa tatu zaidi ambazo bando hilo halina.

Kisha jaribu. Uchezeshe wimbo mara mbili kupitia simu ya kawaida, si kupitia spika za studio, mbele ya wanafunzi wasioyaona mashairi. Wape karatasi. Waandike msimbo, kisha waandike bando linakwisha lini. Akikosea tarakimu mmoja, huenda hakusikiliza. Wakikosea watatu palepale, kosa ni la noti au la neno, na mahali hapo ndipo pa kurudi kurekebisha. Wakiandika msimbo sawasawa lakini saa ya mwisho wakaiacha tupu, mstari wa pili umemezwa: punguza ngoma chini yake, waimbie tena wengine wapya, usiwatumie walewale waliokwisha kuusikia.