Opsheni ya nokauti: ule mstari mmoja uliopunguza bei kwa nusu

"Mwanangu, hii ya pili ina kasoro gani?" Mama anayeagiza mchele kutoka Karachi, mwenye ghala Shimanzi, Mombasa, aliniwekea mezani karatasi mbili. Zote zilimpa haki ya kununua dola baada ya miezi 3 kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Moja ilitaka ada ambayo ni karibu mara mbili ya nyingine. Aliponionyesha mstari wa chini kabisa wa ile rahisi, nilimwomba aketi.

Badala ya bei zake halisi nitatumia hesabu ya mfano, ili kila mtu aweze kuifuata. Tuseme dola leo ni shilingi 130, na mama anahitaji dola 100,000 baada ya miezi 3. Tuchukulie pia kwamba bei ya dola huyumba kwa kadiri ya asilimia 10 kwa mwaka, na tuweke kando tofauti ya riba kati ya sarafu hizi mbili. Opsheni ya kawaida inampa haki ya kununua kwa 130 siku ya mwisho. Dola ikipanda, anaitumia. Ikishuka, anaiacha na kununua sokoni kwa bei nafuu. Kwa hesabu hiyo, ada yake ni kama shilingi 259,000.

Karatasi ya pili ina haki hiyohiyo, ila ina kizuizi: dola ikigusa 140 wakati wowote kabla ya siku ya mwisho, opsheni inakufa. Hii ndiyo opsheni ya nokauti. Haijali dola ikirudi 135 kesho yake, ikishagusa, imekwisha. Ada yake ni kama 126,000.

Watu wengi hukosea kuanzia hapa. Mama alidhani kwamba nusu bei maana yake kuna nafasi nusu kwa nusu ya opsheni kufa. Sivyo. Kwa mwenendo tuliouchukua, nafasi ya dola kugusa 140 ndani ya miezi hiyo 3 ni kama 13 katika 100. Lakini hizo safari 13 ndizo ambazo opsheni ya kawaida ingemlipa zaidi, kwa wastani kama shilingi 10 kwa kila dola. Zimebeba nusu ya thamani yote. Muuzaji hakumpunguzia bei kwa hisani. Alimwondolea kinga pale hasa inapohitajika.

Sasa tukihamishe kizuizi kiwe chini. Opsheni ileile ya 130, ila inakufa dola ikigusa 125. Nafasi ya kuguswa inapanda sana, inakuwa kama 44 katika 100. Mtu angetarajia bei iporomoke, kumbe inashuka hadi 243,000 tu. Sababu ni kwamba dola ikifika 125 opsheni ya kununua kwa 130 imebaki na thamani ndogo, kwa hiyo kuipoteza si hasara kubwa. Tena siku hiyo mama anaweza kununua dola zake kwa 125 na kumaliza kazi. Kizuizi cha aina hii kilipatiwa kanuni ya bei mapema, katika kazi ya mwanauchumi Robert Merton ya mwaka 1973. Mimi nakiona ni cha kiungwana. Kinakudhuru kwa njia moja: ukikaa bila kununua, kisha dola ikageuka na kupanda tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza kizuizi kiko upande gani. Anayeagiza mali huumia dola ikipanda, na kizuizi cha juu kiko upande wa maumivu yake. Kwa muuza chai anayelipwa kwa dola mnadani hapa Mombasa ni kinyume chake: yeye hununua haki ya kuuza dola, na kizuizi cha hatari kwake ni cha chini.

Turudi kwenye zile shilingi 133,000 ambazo mama angeokoa kwa karatasi ya pili, maana zinaweza kuchambuliwa. Kama angekubali tu faida yake iishie dola ikifika 140, yaani alipwe shilingi 10 kwa kila dola na isizidi hapo, angepunguziwa kama 20,000. Kumbe faida ya juu ya 140 haina thamani kubwa, kwa kuwa ni mara chache dola itafika mbali huko. Punguzo la pili ni kama 66,000, na hapo ndipo inapoingia opsheni ya dijitali. Hii ni ahadi ya kulipa kiasi kimoja kisichobadilika sharti likitimia, na kutolipa chochote lisipotimia. Hakuna kati. Ahadi ya shilingi 1,000,000 iwapo dola itafunga juu ya 140 siku ya mwisho ina thamani ya kama 66,000, kwa kuwa nafasi yake ni kama 6.6 katika 100. Mama, kwa kukubali kupoteza zile shilingi 10 zote mara dola ivukapo mstari, angekuwa ameiuza ahadi hiyo bila kuiona. Dola ikimaliza kwa 139.50 analipwa 950,000. Ikimaliza kwa 140.10 hapati kitu.

Punguzo lililobaki, kama 47,000, limetokana na maneno mawili, "wakati wowote". Kizuizi kikikaguliwa siku ya mwisho tu, ada ni kama 173,000. Kikikaguliwa kila dakika, ni 126,000. Wanaokumbuka mwaka 2011 wanajua uzito wa maneno hayo: dola iliyokuwa karibu shilingi 80 mwanzoni mwa mwaka ilipanda hadi kupita 105 mwezi Oktoba, kisha ikarudi karibu 85 kabla ya mwaka kwisha. Kizuizi cha 100 kingeguswa katika safari hiyo, na kurudi kwa dola kusingefufua chochote. Ndiyo maana mkataba lazima utaje ni bei ipi inayokaguliwa. Wastani ambao Benki Kuu ya Kenya huutangaza kila siku ya kazi ni kitu kimoja. Bei ya dakika moja kwenye skrini ya aliyekuuzia ni kitu kingine, na yeye ndiye anayenufaika ikigusa.

Mama aliniuliza: "Na ikishakufa, siwezi kununua nyingine?" Anaweza. Lakini dola ikiwa 140, opsheni mpya ya kawaida ya miezi 3 itamkinga kuanzia 140 kwenda juu. Zile shilingi 10 za mwanzo, yaani 1,000,000 kwa mzigo wake, zimeshapotea. Na soko likiwa limeyumba kiasi hicho, ada nayo huwa imepanda. Dola ikiendelea hadi 145 naye hana kinga, mchele aliotarajia kuulipia 13,000,000 utamgharimu 14,500,000, juu ya ada aliyokwisha kutoa.

Nilimuuliza kama wanunuzi wake wangekubali apandishe bei ya gunia dola ikifika 140. Alitikisa kichwa, bei alikuwa ameshawaahidi. Basi tukaiweka kando karatasi ya pili. Hakuwa na 259,000, kwa hiyo akanunua opsheni ya kawaida ya dola 60,000, ambayo kwa hesabu yetu ya mfano ni kama 156,000, na dola 40,000 zilizobaki akaziacha wazi, akijua ni ngapi.