Alama ya "/=" na Jumla Inayodanganya: Dhana Potofu Kuhusu Jedwali la Bajeti

Kila mwanzo wa mwezi huletewa kompyuta na watu ambao jedwali lao la bajeti linawaambia wamebakiwa na pesa wasizoziona mfukoni wala kwenye simu. Karibu kila mara chanzo ni kilekile, nami nimechoka kukieleza kwa mdomo.

Dhana: Seli ikionyesha kiasi cha pesa, kompyuta inakihesabu.

Si kweli. Excel na Google Sheets hutenganisha namba na maandishi. Ukiandika 465000, hiyo ni namba; lakini ukiandika 465,000/= kama tulivyozoea kwenye risiti na daftari la duka, mkwaju na alama ya usawa huigeuza seli nzima kuwa maandishi, nayo kompyuta huyaona kama inavyoliona neno "chakula".

Mteja wangu mmoja, mama wa familia ya watu watano, aliweka vifungu kwenye safu A, mpango kwenye B, matumizi halisi kwenye C na tofauti kwenye D. Alipanga kodi ya nyumba 300,000, chakula 400,000, nauli 120,000 na Luku 50,000, jumla 870,000. Alichotumia kilikuwa 300,000, kisha 465,000/= (hivyo hivyo, na alama yake), 134,000 na 45,000. Fomula zake hazikuwa na kosa lolote:

```
D2: =B2-C2
B6: =SUM(B2:B5)
C6: =SUM(C2:C5)
D6: =B6-C6
```

Kwenye mstari wa chakula, seli D3 ilitoa #VALUE!, naye akaifuta akidhani kompyuta inamsumbua tu. Alifuta onyo pekee alilopewa. Seli C6 ikasoma 479,000 na D6 ikamwambia amebakiza 391,000, ilhali kwa kweli alikuwa ametumia 944,000 na kuuvuka mpango kwa 74,000. SUM haikulalamika kwa sababu imeundwa kuyaruka maandishi yote yaliyomo katika eneo inalojumlisha.

Lipo kosa baya zaidi. Seli ikiwa imewekewa muundo wa Text kabla ya kuandikwa 465000, kutoa kwa =B3-C3 kutafanya kazi vizuri, lakini SUM itairuka seli hiyo vilevile, hivyo kila mstari utakuwa sahihi na jumla itakuwa ya uongo bila #VALUE! yoyote.

Ishara ya kwanza ni upande: namba hujipanga kulia mwa seli na maandishi hujipanga kushoto, na ndiyo maana nawakataza wateja wangu kuweka namba katikati, hata wanaposema inapendeza. Ishara ya uhakika ni fomula hii, ambayo siku hizi naiweka chini ya kila jedwali ninalolitengeneza:

```
=COUNTA(C2:C5)-COUNT(C2:C5)
```

COUNTA huhesabu seli zote zisizo tupu na COUNT huhesabu zenye namba tu, kwa hiyo jibu lolote lisilo 0 ni idadi ya seli zilizoachwa nje ya jumla. Haitamkamata, hata hivyo, aliyekosea tarakimu.

Anayeipenda sana alama yake na aandike namba tupu, kisha, kwenye Excel, abonyeze Ctrl+1, achague Custom na kuandika:

```
#,##0"/="
```

Seli itaonyesha 465,000/= huku ndani ikibaki namba. Kubadili muundo peke yake hakuyageuzi maandishi yaliyokwishaandikwa. Yafute, kisha iandike namba upya.

Dhana: Jumla zikilingana, mwezi umekwenda sawa.

Kama mama yule angelipa kodi pungufu kwa 74,000, jumla yake ingekuwa 870,000 kamili, huku chakula kimezidi kwa 65,000 na mwenye nyumba anamdai. Soma safu D mstari kwa mstari kabla ya kuitazama D6.

Dhana: Mwisho wa mwezi unarekebisha mpango ufanane na matumizi.

Basi unalinganisha nini na nini? Mabadiliko ya mpango yanaingia kwenye jedwali la mwezi ujao, na safu B ya mwezi huu haiguswi.

Dhana: Kifungu kipya kikiandikwa popote juu ya jumla, kitahesabiwa.

Ukiingiza mstari wa dawa chini ya Luku, yaani mara tu juu ya jumla, huenda fomula ikabaki inaishia C5. Ingiza mstari mpya katikati, kwa mfano kati ya chakula na nauli, nayo SUM itatanuka yenyewe hadi C6; kisha nakili fomula ya D kwenye mstari huo, kwa kuwa hiyo mara nyingi haijiandiki yenyewe.