Hukumu ya makubaliano kwa deni la awamu: sentensi moja inayobeba uzito wote

Hukumu ya makubaliano ni hukumu ambayo hakimu au jaji anaitoa bila kusikiliza mashahidi, kwa sababu mdai na mdaiwa wamekwisha kukubaliana jinsi ya kumaliza shauri. Wanaandika hati ya suluhu, wanaisaini, wanaiwasilisha, na mahakama ikiridhika kwamba makubaliano ni halali inayasajili na kutoa tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, inayofuata maneno yao. Msingi wake Tanzania Bara ni Amri ya XXIII, kanuni ya 3, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33.

Tofauti yake na mkataba wa kulipana uliosainiwa dukani ni kubwa. Mkataba wa dukani ukivunjwa, mdai anaanza upya: hati ya madai, wito, utetezi, usuluhishi, mashahidi. Tuzo ya makubaliano ikivunjwa, mdai anarudi kwenye faili lilelile kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mdaiwa kuitekeleza. Haulizwi tena kama deni lipo. Mdaiwa naye hana rufaa, kwa kuwa sheria hairuhusu rufaa dhidi ya tuzo iliyotolewa kwa ridhaa ya wahusika. Anayetaka tuzo hiyo itenguliwe lazima aoneshe kitu kizito, kama udanganyifu au kukosea katika ridhaa yenyewe.

Lakini mahakama inakazia kile tu kilichoandikwa, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza vitenge wa jumla Kariakoo anamdai mwenye duka wa Mbagala shilingi 48,000,000. Amefungua shauri, na katika usuluhishi wanaelewana: milioni 6 zilipwe siku ya kusaini, tarehe 10 Januari, na milioni 42 zinazobaki zilipwe kwa awamu 12 za shilingi 3,500,000, kila tarehe 5 ya mwezi, kuanzia Februari. Mwenye duka analipa vizuri hadi Juni. Julai inapita bila kitu. Amekwisha kulipa 23,500,000, na zimebaki 24,500,000.

Kama hati ilisema tu kwamba deni litalipwa kwa awamu hizo, muuza vitenge anaweza kuomba kukaziwa awamu ya Julai peke yake, yaani 3,500,000. Awamu ya Agosti haijafika, kwa hiyo haijaiva. Mdaiwa anaweza kuhamisha mzigo wote dukani huku mdai akisubiri kila tarehe 5 ifike ndipo aombe kipande kingine.

Kinachomwokoa ni sharti la deni lote kuiva mara moja. Mimi ningeliandika hivi: "Mdaiwa asipolipa awamu yoyote kwa ukamilifu ndani ya siku 7 tangu tarehe yake, salio lote ambalo halijalipwa litaiva na kudaiwa papo hapo, bila notisi na bila shauri jipya, na mdai atakuwa na haki ya kuomba kukazia hukumu kwa salio hilo." Kila kipande kina kazi yake. "Kwa ukamilifu" kinamzuia mdaiwa kutuma laki tano na kudai kwamba amelipa. "Siku 7" zinampa nafasi ya haki mtu aliyekwama kidogo, na pia zinaondoa ubishi kuhusu siku hasa ambayo kosa limetimia. Kwa mfano wetu ni usiku wa tarehe 12 Julai. "Salio lote ambalo halijalipwa" linazuia mdai kudai milioni 48 upya kana kwamba hajapokea kitu.

Ongezeni na sentensi kwamba mdai kupokea awamu iliyochelewa hakumaanishi amesamehe kosa. Wafanyabiashara wetu wana huruma, wanapokea pesa ya tarehe 19 mara mbili au tatu, kisha siku wanapochoka mdaiwa anasema tarehe 5 ilikwisha kubadilika kwa mazoea.

Hoja kwamba sharti hili ni adhabu haina nguvu hapa, kwa sababu milioni 24.5 anazodaiwa mwenye duka ni deni lake tangu mwanzo; alichopoteza ni muda wa kulipa tu. Ni tofauti kabisa na kuandika kwamba akishindwa atalipa milioni 70. Nyongeza ya namna hiyo inaalika ubishi chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambacho kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Riba ndiyo sehemu ambayo watu huandika kwa hasira. Nimesoma rasimu zenye "asilimia 5 kwa mwezi", ambayo ni asilimia 60 kwa mwaka. Amri ya XX, kanuni ya 21, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaweka riba ya deni la hukumu kuwa asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine watakachokubaliana kwa maandishi, ila kisizidi asilimia 12 kwa mwaka. Kwa hiyo muuza vitenge akitaka kiwango cha juu aandike 12, na aandike kinaanza lini na juu ya nini. Kwa salio la 24,500,000, asilimia 12 ni 2,940,000 kwa mwaka, sawa na 245,000 kwa mwezi, kuanzia tarehe 13 Julai. Kwa asilimia 7 ingekuwa 1,715,000 kwa mwaka.

Mdaiwa naye ana la kulilinda hapa. Asisitize iandikwe wazi kwamba hakuna riba yoyote maadamu analipa kwa wakati. Hati ikinyamaza, anaweza kumaliza awamu zote 12 kisha akakutana na dai la riba tangu siku ya hukumu.

Baada ya Julai, muuza vitenge anapeleka maombi ya kukazia hukumu katika mahakama iliyotoa tuzo, akieleza kiasi cha tuzo, kilicholipwa, salio, riba, na njia anayoomba. Njia ya kawaida ni kukamata mali na kuiuza kupitia dalali wa mahakama, au kuzuia fedha za mdaiwa zilizo benki. Kumfunga mdaiwa kama mfungwa wa madai kupo pia katika sheria, lakini kuna masharti yake, na mahakama humpa kwanza nafasi ya kujieleza. Maombi yakija baada ya mwaka mmoja tangu tarehe ya tuzo, kwa kawaida mahakama humwita mdaiwa kwanza aeleze kwa nini hukumu isikaziwe; awamu za mwisho za mfano wetu zinaangukia karibu na mstari huo. Ukomo wa kuomba ukaziaji ni miaka 12.

Kama kaka wa mdaiwa aliahidi kwa mdomo kwamba kiwanja chake cha Chanika kitakuwa dhamana ya deni, dalali hawezi kukigusa. Kaka huyo si mhusika wa shauri, na hakuna neno lake kwenye tuzo.

La mwisho linamhusu anayelipa. Malipo ya awamu mara nyingi hutumwa kwa simu, moja kwa moja kwa mdai. Amri ya XXI, kanuni ya 2, inataka malipo ya nje ya mahakama yathibitishwe na kurekodiwa mahakamani. Yasiporekodiwa, mahakama inayokazia hukumu haiyatambui. Mwenye duka anayetuma 3,500,000 na kubaki na ujumbe wa simu tu anaweza kuona maombi yanayodai kiasi alichokwisha kulipa. Hati iseme malipo yaende kwenye akaunti moja ya benki iliyotajwa, mdai atoe stakabadhi ya kila awamu, na nakala iingie kwenye faili. Awamu ya 12 ikilipwa, wahusika waiombe mahakama irekodi kwamba tuzo imetekelezwa yote.