Kupunguza Bei ya Mtindi Unaokaribia Kuisha Muda Bila Kupoteza Faida

Mwenye duka anapoona mtindi umebakiza siku chache, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: husubiri hadi siku ya mwisho na kuuza kwa nusu bei, au hubandika stika ya punguzo kwenye vikombe vyote vya tarehe hiyo. Njia zote mbili humgharimu kuliko anavyodhani, kwa sababu hajajiuliza swali la msingi: katika vikombe vilivyopo, ni vingapi vingeuzwa kwa bei kamili hata bila punguzo?

Tuchukue mfano. Duka lina vikombe 40 vilivyobakiza siku 4 za kuuzwa, bei ya kila kimoja ni 100 na kilinunuliwa kwa 75, na hakuna shehena mpya inayotarajiwa kabla ya siku hizo kwisha. Kwa kawaida huuzwa vikombe 6 kwa siku. Bila kufanya lolote, vikombe 24 vitauzwa, 16 vitatupwa, na mapato yatakuwa 2,400 ilhali mzigo wote uligharimu 3,000. Vikombe vyote 40 vikishushwa hadi 75 na kuisha, mapato yatakuwa 3,000: hakuna kilichotupwa, lakini hakuna faida, kwa kuwa wateja 24 waliokuwa tayari kulipa 100 nao wamelipa 75. Sasa tuseme stika zimebandikwa kwenye vikombe 20 tu tangu siku ya kwanza, vikaisha, na 6 kati yake vikachukuliwa na wateja ambao wangelipa bei kamili. Vikombe 18 vitauzwa kwa 100 na 20 kwa 75, jumla 3,300, huku 2 tu vikibaki.

Tofauti hiyo ina hesabu rahisi nyuma yake. Bei ya ununuzi imekwisha kulipwa na hairudi, kwa hiyo kila kikombe kilichookolewa kutupwa huingiza 75 nzima, na kila mteja aliyehama kutoka bei kamili hupunguza 25. Kwa punguzo la robo, kikombe kimoja kilichookolewa hufidia wateja watatu waliohama. Kwa punguzo la nusu, humfidia mmoja tu. Hii ndiyo sababu ninapendekeza punguzo dogo linaloanza mapema, kwa idadi iliyo karibu na ile ya ziada, na punguzo kubwa libaki kwa vile vichache vitakavyofika siku ya mwisho.

Shehena mpya ikiwa tayari kwenye rafu, hesabu hubadilika. Vikombe vya punguzo vinaweza kuisha upesi na kumfurahisha muuzaji, kumbe vimekula mauzo ya vile vipya, ambavyo wiki ijayo vitakuwa ndivyo vinavyokaribia kuisha muda. Dalili yake haionekani kwenye mauzo ya punguzo pekee: jumlisha vikombe vya zamani na vipya, kisha linganisha na siku kama hiyo isiyo na punguzo. Jumla isipoongezeka, umewahamisha tu wateja wako.

Mteja wa kila siku anahitaji uangalifu wa pekee. Stika zikitoka kila jioni saa ileile, ataizoea saa hiyo na kuacha kununua asubuhi, wala hana kosa. Badilisha muda kulingana na ziada iliyopo, na siku isiyo na ziada usipunguze chochote. Weka kikomo cha vikombe kwa mtu mmoja, na stika isifunike tarehe, kwani anayekula leo atafurahia kikombe cha siku mbili, ilhali anayenunua akiba ya wiki anastahili kuuona mtindi mpya bila kuutafuta.

Kuna mipaka ambayo bei haiwezi kuivuka. Maandishi ya “tumia kabla ya” yanahusu usalama, na bidhaa hiyo haiuzwi baada ya tarehe hata kwa bei ya chini kabisa. “Bora kabla ya” huhusu zaidi ubora. Tarehe zote mbili zinategemea ubaridi ulioelekezwa kwenye kifungashio, kwa kawaida nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hivyo kuhamishia vikombe vya punguzo kwenye kapu karibu na mlipishaji, nje ya jokofu, ni kosa kubwa, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa haiaminiki tena. Kikombe kilichovimba kifuniko kinaonyesha kuwa chachu au vijidudu vingine vimezalisha gesi ndani, na hicho hutolewa, hakipunguzwi bei.

Mwisho wa kila wiki, andika ni vikombe vingapi vilihitaji stika. Idadi hiyo ikijirudia katika bidhaa ileile, tatizo liko kwenye oda: punguza kiasi cha kila shehena, au umwombe msambazaji alete kidogo kidogo mara nyingi zaidi.