Kabla ya kutuma picha ya suluhisho, pima upana wa data

Tangu kitengo chetu kianze kupokea masuluhisho ya takwimu kwa picha, malalamiko ya "nimeonewa alama" yameongezeka. Tunayapokea kwa heshima na kila moja husomwa na wasahihishaji wawili. Hata hivyo, mengi kati ya yale yanayohusu mkengeuko sanifu yasingefika mezani kwetu kama mwenye kazi angetumia nusu dakika kulinganisha jibu lake na upana wa data, yaani namba kubwa kabisa kutoa namba ndogo kabisa.

Kanuni yenyewe ni ya kukadiria: mkengeuko sanifu hukaribia upana ukigawanywa kwa 4. Hiyo 4 inafaa data zipatazo 30 zisizopinda sana upande mmoja. Zikiwa 10 hivi, gawa kwa 3. Zikifika 100, gawa kwa 5. Kila mara tunaletewa hoja kwamba "jibu langu si robo ya upana, kwa hiyo swali lina kosa". Hapana. Makadirio hayakuahidi kulingana na jibu, yanakuonyesha tu jibu linapaswa kuangukia wapi.

Chukua data hizi kumi: 41, 48, 52, 55, 57, 60, 62, 66, 71, 78. Upana ni 37, na kwa kuwa data ni kumi tunagawa kwa 3 na kupata kama 12. Sasa tukokotoe. Wastani ni 59, jumla ya miraba ya tofauti ni 1078, tunagawa kwa 9 tupate 119.8, na kipeuo chake cha pili ni 10.9. Jibu limekaa jirani na makadirio.

Anayesahau kipeuo huandika 119.8. Hilo haliwezekani kabisa, kwa sababu hakuna mkengeuko sanifu unaozidi nusu ya upana, ambayo hapa ni 18.5 (ukigawa kwa 9 badala ya 10, mpaka husogea hadi 19.5, si zaidi). Anayetafuta kipeuo cha 1078 kwanza, kisha akagawa kwa 9, hupata 3.6. Nalo haliwezekani: kwa data kumi zenye upana wa 37, zile mbili za pembeni peke yake zinatosha kuuzuia mkengeuko usishuke chini ya 8.7.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la picha. Mwandiko ukififia au kivuli cha mkono kikipita juu ya karatasi, 71 husomeka 11. Mwanafunzi anayenakili kutoka kwenye picha ya mwenzake anaendelea na 11 bila kushtuka. Wastani unakuwa 53 na mkengeuko 17.9. Kisha anafanya ukaguzi, tena kwa bidii: namba ndogo sasa ni 11, kubwa 78, upana 67, gawa kwa 3 upate 22, gawa kwa 4 upate 17. Jibu lake linapita vizuri kabisa! Amelipima kosa kwa kosa lilelile.

Kwa hiyo upana utolewe kwenye swali lililochapwa, kamwe usitoke kwenye mstari wa kwanza wa suluhisho. Ukipima 17.9 dhidi ya upana halisi wa 37, unaona limekaribia sana mpaka wa juu, mahali ambapo data zingelazimika kurundikana kwenye ncha mbili. Data zetu zimetawanyika katikati. Hapo ndipo urudi kukagua tarakimu moja moja.

Ukaguzi huu una mahali unapoishia. Ukigawa kwa 10 pale swali lilipotaka 9, utapata 10.4 badala ya 10.9, na makadirio hayataona lolote. Soma swali: ni sampuli au ni kundi zima?

Kuhusu utaratibu. Ukigundua kosa kabla ya muda kufungwa, piga picha upya ya ukurasa mzima, zikionekana data, jedwali la miraba na jibu, kisha uitume mahali pa ile ya awali. Usikate jibu na kuandika jipya pembeni. Msahihishaji akiona 10.9 chini ya jedwali lililokokotolewa kwa 11, hatatoa alama ya jibu, kwa kuwa halitokani na kazi iliyo juu yake, na alama za hatua zitaishia pale kosa lilipoingia. Ukiacha 17.9 na kazi inayolingana nayo, unapoteza alama ya kunakili na ya jibu, lakini za njia zinabaki. Tumeeleza hili mara nyingi, na bado wiki iliyopita tumepokea picha zenye majibu yaliyofutwa kwa wino mweupe.