Dek ya dokumentari: mada siyo filamu

Kazi yangu kwenye mfuko wa utamaduni ni kusoma maombi ya ruzuku za filamu, na nikifungua dek ya dokumentari, yaani zile kurasa za kuielezea filamu na kuiombea fedha, huwa sianzi na zile picha nzuri za droni, natafuta kwanza sentensi inayoniambia nani anataka nini na nini kinamzuia. Nyingi hazina. Zina mada tu: "filamu hii inahusu ufundi wa majahazi Lamu ambao unapotea". Sawa, unapotea, lakini kamera itaona nini?

Tuchukue huohuo mfano wa Lamu, niutungie projekti ya kufikirika. Kijiji cha Matondoni kinajulikana kwa kuunda majahazi, hilo kila mtu anayeijua Lamu analijua. Sasa muombaji akiandika hivi: "Fundi mzee ameshaweka mkuku, ule mti mkuu wa chini, wa jahazi ambalo huenda likawa la mwisho kwake, anataka mjukuu wake alimalize, mjukuu anataka kwenda Mombasa kutafuta kazi, na mwenye chombo analitaka majini kabla upepo wa kusi haujaanza." Hapo nimepata filamu bwana! Kuna watu, kuna kitu kinachotakiwa, kuna siku ya mwisho, na ile siku imewekwa na upepo wenyewe, haikubuniwa na mwandishi.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba ratiba inajitokeza yenyewe. Chombo kinaanza na mkuku, yanafuata mataruma, yaani mbavu zake, na mbao, halafu kalafati ya kuziba nafasi kati ya mbao, ndipo kinashuliwa. Kwa hiyo badala ya kuandika "tutapiga picha kwa miezi sita", ambayo hainiambii chochote, andika safari utakazofanya na kila safari inafuata hatua gani ya kazi, halafu useme pia kazi ikisimama utafanyaje, maana itasimama tu, mbao zitachelewa au mwenye chombo ataishiwa pesa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti, Lamu wakataji wa mikoko walikwama. Kitu kama hicho kikitokea katikati ya projekti yako, ni balaa au ni sehemu ya hadithi? Ukishalifikiria hilo kwenye dek, naamini unajua unachofanya.

Halafu kuna ruhusa. "Tutamtafuta fundi tukipata fedha" ni sentensi inayoangusha maombi mengi, kwa sababu tunaombwa kulipia filamu ambayo mhusika wake bado hajasema ndiyo. Ukurasa mmoja tu unatosha: umefahamiana naye vipi, amekubali nini na amekataa nini (labda hataki wanawake wa nyumbani kwake wapigwe picha, iandike hivyohivyo), na fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili anachokielewa, mkishaisoma pamoja.

Bajeti ndiyo watu wanaikimbia. Tuseme filamu nzima ni shilingi milioni 4 za Kenya, namba ya mfano tu. Usituombe zote. Onyesha laki 4 ziko mkononi tayari, laki 6 ni thamani ya kamera yako na punguzo la mhariri, kwetu unaomba milioni 1.6, na milioni 1.4 iliyobaki unaiombea wapi na majibu yanakuja lini. Hapo tunaona filamu inaweza kufika mwisho hata sisi tukitoa sehemu tu. Dek isiyosema pengo litazibwa na nini inatutia wasiwasi kuliko dek yenye pengo kubwa.

Na ukiangalia mistari ya bajeti utakuta pesa zote zimeenda kwenye kamera na nauli za boti. Mazungumzo ya saa nyingi kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, nani atayaandika na kuyatafsiri? Hadisk za kuhifadhia picha, tena nakala mbili? Kusawazisha sauti, rangi, maandishi ya chini? Huko ndiko filamu nyingi zinalala kabatini, picha zimeshapigwa lakini pesa ya kumalizia haipo. Na wewe dairekta jilipe, mstari wako ukiwa sifuri hatukuoni mkarimu, tunaona mtu atakayeikimbia kazi mwezi wa tatu akitafuta kodi ya nyumba.

Treila nayo. Kwangu mimi, dakika tatu za fundi na mjukuu wakibishana juu ya ubao mmoja, bila muziki, zinashinda dakika moja ya machweo na sauti nzito ya msimulizi. Wenzangu wengine kwenye jopo wanapenda machweo, siwezi kubisha, lakini hata wao baadaye wanauliza "huyu mzee anaongeaje?". Weka linki yenye nywila, nywila iandike palepale chini ya linki, kisha ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma, kwa sababu jopo likikutana na ukurasa unaosema video haipo linaenda kwenye ombi linalofuata.